Milioni 28 kufikia Julai 2029: kisa cha wanandoa wawili na malipo ya awali ya nyumba

Mnamo Julai 2024 nilifikiwa na mume na mke wanaoishi Dar es Salaam, yeye mume akiwa ofisa manunuzi na mkewe mwalimu katika shule ya binafsi, wote wawili wakitaka kujua jambo moja: watakapokwenda benki baada ya miaka mitano kuomba mkopo wa nyumba, fedha za malipo ya awali zitakuwa zimekaa wapi? Walikuwa na kipato cha pamoja cha shilingi milioni 2.6 baada ya makato, walilipa kodi ya pango ya shilingi 400,000 kwa mwezi, na waliamini kwamba wangeweza kutenga shilingi 300,000 kila mwezi bila kuikaba familia. Majina yao hayana kazi hapa, lakini hesabu zao zina kazi, kwa sababu makosa waliyokuwa wameshayafanya kabla hatujakutana ndiyo makosa ninayoyaona mara nyingi kwa watu wenye lengo la muda wa kati, yaani lengo ambalo ni refu mno kuachiwa akaunti ya kawaida ya benki na ni fupi mno kuachiwa bahati ya soko.

Walichokuja nacho

Mezani kulikuwa na vitu vinne. Cha kwanza kilikuwa shilingi milioni 4.5 katika akaunti ya akiba, zisizozaa chochote cha maana. Cha pili kilikuwa hatifungani ya serikali ya miaka 20, yaani karatasi ya deni ambalo serikali italirudisha baada ya muda huo, yenye thamani ya uso ya shilingi milioni 5, ambayo mume aliinunua katikati ya mwaka 2022 kwa kuponi, yaani riba ya mwaka, ya 12.10%. Cha tatu kilikuwa akiba ya mke katika Saccos ya kazini, takriban shilingi milioni 2. Cha nne kilikuwa kiwanja upande wa Kibaha, kilichonunuliwa kwa shilingi milioni 5 na kushuhudiwa katika ofisi ya serikali ya mtaa, kikiwa na karatasi ya mauziano tu na hakijapimwa.

Wao walivijumlisha vyote na kupata shilingi milioni 16.5, na kwa hesabu hiyo walijiona wamekwisha kuvuka nusu ya safari. Mimi niliviangalia kwa swali tofauti: ni kipi kati ya hivi kinaweza kugeuka kuwa fedha taslimu katika mwezi mmoja ninaoujua tangu leo, na kwa kiasi ninachoweza kukikadiria? Kwa swali hilo, kilichobaki kilikuwa ile milioni 4.5 peke yake.

Tuanze na Saccos, ambayo ndiyo rahisi kuieleza. Saccos ni chombo kizuri cha kukopa, kwa kuwa mwanachama hupewa mkopo kwa kuzingatia mara kadhaa ya akiba yake, lakini akiba yenyewe ndiyo dhamana, na si dhamana ya mkopo wake tu. Mke alikuwa amewadhamini wenzake wawili, mmoja wao akiwa ameacha kazi na kuchelewesha marejesho. Hadi deni lile lilipwe, akiba yake isingeachiliwa, na hakuna anayeweza kusema litalipwa lini. Hatukuhitaji kumlaumu mtu. Tulihitaji tu kuacha kuihesabu.

Kiwanja nacho kina sifa yake ya kweli, kwa sababu Mtanzania wa kawaida anajenga kwa kununua ardhi kwanza na kupandisha kuta kidogo kidogo, na njia hiyo imewapa watu wengi nyumba bila deni. Lakini hawa wawili walikuwa wameamua kununua nyumba iliyokwisha jengwa kwa mkopo, na kwa njia hiyo kiwanja kisichokuwa na hati ni mali ambayo benki haiwezi kuiandikia rehani na ambayo mnunuzi makini ataipunguzia bei kwa sababu hiyo hiyo. Huuzwa siku anapotokea mtu anayeitaka, si siku unayozihitaji fedha.

Kiasi kinachotakiwa

Kabla ya kuzungumzia mahali pa kuwekeza, ilitubidi tujue tunatafuta kiasi gani. Nyumba ya vyumba viwili waliyoipenda ilikuwa ikiuzwa kwa shilingi milioni 90. Kwa kuwa hakuna anayejua bei itakuwa ngapi mwaka 2029, tuliweka dhana ya ongezeko la 5% kwa mwaka, ambalo lipo juu kidogo ya mfumuko wa bei tuliouzoea Tanzania katika miaka hiyo, na tukapata takriban shilingi milioni 115. Benki waliyoiendea iliwataka walipe wenyewe 20% ya bei, sawa na shilingi milioni 23.

Hapo ndipo wengi huishia, na hapo ndipo wanapokwama dakika ya mwisho. Kuna ushuru wa stempu wa 1% wa kuhamisha umiliki, ada ya wakili, ada ya mthamini ambaye benki itamtaka, ada ya benki ya kuandaa mkopo, na bima ya maisha ya mkopaji. Vyote hivi hulipwa taslimu na havimo ndani ya mkopo. Tulivitengea 4% ya bei, yaani shilingi milioni 4.6, na lengo likawa shilingi milioni 27.6, ambazo tulizikamilisha kuwa milioni 28.

Tulifanya pia hesabu ya upande wa pili wa mkopo, kwa sababu malipo ya awali yaliyotimia hayana faida iwapo marejesho hayabebeki. Mkopo wa shilingi milioni 92 kwa riba ya 15% na muda wa miaka 20 unadai shilingi milioni 1.21 kila mwezi. Wakati huo familia ilikuwa ikilipa pango 400,000 na kuweka 300,000, jumla 700,000, na hata tukiikuza jumla hiyo kwa 5% kila mwaka itafika takriban 890,000 mwaka 2029. Pengo la zaidi ya shilingi 300,000 kwa mwezi si dogo. Niliwaambia waziwazi kwamba kwa kipato chao, ama watafute nyumba ya bei ya chini, ama walenge kuingia na fedha nyingi zaidi, na kwamba jambo hili ni zito kuliko swali la mfuko upi unalipa zaidi. Walilichukua, wakasema watalipima tena mwaka 2027. Tukaendelea na milioni 28.

Riba ina nguvu ndogo kuliko inavyodhaniwa

Mume alikuja akiwa na karatasi iliyoorodhesha viwango vya faida kutoka juu kwenda chini, na alitaka tuanzie juu. Nilimwomba tupige kwanza hesabu moja. Tukiweka shilingi milioni 3 mwanzoni na shilingi 300,000 kila mwezi kwa miezi 60, fedha watakazotoa mifukoni mwao ni shilingi milioni 21. Zikizaa 6% kwa mwaka zitakuwa takriban milioni 25, zikizaa 9% zitakuwa milioni 27.3, na zikizaa 12% zitakuwa karibu milioni 30.

Tofauti ya kati ya 9% na 12% ni shilingi milioni 2.6 baada ya miaka mitano. Kiasi hicho hicho kinapatikana kwa kubaki na 9% na kuongeza shilingi 35,000 kwenye akiba ya kila mwezi. Sababu yake ni kwamba sehemu kubwa ya fedha huingia polepole, na shilingi iliyowekwa mwaka wa nne ina mwaka mmoja tu wa kuzaa. Kwa lengo la miaka 25, kama pensheni, pointi tatu za riba hubadilisha maisha. Kwa lengo la miaka mitano ni sawa na nauli na chakula cha mchana cha wiki moja au mbili.

Sasa geuza hesabu hiyo. Mwezi wa 54, ikiwa mambo yamekwenda kwa 9%, watakuwa na takriban shilingi milioni 24. Mali iliyobeba fedha hizo ikishuka kwa 30%, watapoteza zaidi ya milioni 7, yaani akiba ya miaka miwili kamili, na watakuwa wamebakiwa na miezi sita. Hasara ya namna hiyo ikitokea mwezi wa sita haina uzito, kwa kuwa fedha zilizomo ni kidogo. Kwa hiyo swali la mali ipi inafaa lengo la muda wa kati halijibiwi mara moja tu mwanzoni. Jibu lake hubadilika kadiri fungu linavyokua na muda unavyopungua.

Hisa zilipewa nafasi ya kujitetea, maana mume alizipenda. Mfano niliomwonyesha ni wa benki ya CRDB, ambayo hisa zake zimeorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mwaka 2015 benki hiyo iliwauzia wanahisa wake hisa mpya kwa shilingi 350 kila moja. Mwishoni mwa mwaka 2019 hisa hiyo hiyo ilikuwa ikiuzwa kwa takriban shilingi 100, na ilichukua hadi mwaka 2022 hivi kurudi juu ya bei ile, kisha ikaendelea kupanda. Aliyenunua na kusubiri hakujuta, na gawio alipata njiani. Lakini aliyenunua mwaka 2015 akiwa na lengo la kulipia nyumba mwanzoni mwa mwaka 2020 angeuza kwa chini ya theluthi moja ya alichoweka. Kampuni haikuwa imekufa. Ni tarehe tu ambazo hazikuoana. Hisa zikatolewa kwenye mpango.

Dola zilitolewa kwa sababu fupi zaidi: nyumba inalipiwa kwa shilingi, na mshahara unaingia kwa shilingi. Baadaye, mwaka 2025, kanuni zikaja kukataza kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni. Aliyekimbilia dola ilipokuwa juu ya shilingi 2,600 mwaka 2024 aliikuta chini ya 2,500 mwishoni mwa mwaka 2025.

Hatifungani ndefu katika lengo fupi

Sehemu iliyotuchukua muda mrefu zaidi ilikuwa ile hatifungani ya milioni 5, na nadhani ndiyo yenye somo kwa wengi, kwa sababu mume aliinunua kwa hoja iliyoonekana salama kabisa: serikali haishindwi kulipa, kuponi inakuja kila baada ya miezi sita, na ya miaka 20 inalipa zaidi kuliko ya miaka mitano.

Hoja hiyo ni kweli kwa anayekusudia kukaa nayo hadi mwaka 2042. Kwa anayehitaji fedha zake mwaka 2029, anachokimiliki si ahadi ya serikali ya kumrudishia milioni 5, bali ni karatasi atakayolazimika kuiuza kwa mtu mwingine katika soko la upili, na mtu huyo atalipa bei inayotokana na riba ya siku hiyo. Aprili 2022 serikali ilikuwa imeshusha kuponi za hatifungani zake, na ya miaka 20 ikatoka 15.49% hadi 12.10%. Mume alinunua baada ya mabadiliko hayo. Kisha riba zikapanda tena, na kufikia mwaka 2024 wawekezaji wa hatifungani za muda huo walikuwa wakidai 15% na zaidi.

Mtu anayeweza kupata 15% kwenye mnada mpya hatakulipa shilingi 100 kwa karatasi inayotoa 12.10. Atakulipa kiasi ambacho kitamfanya naye apate 15%, na kwa karatasi iliyobakiza miaka 18 kiasi hicho ni takriban shilingi 82 kwa kila 100. Milioni 5 zilikuwa zimekuwa milioni 4.1. Hapo mke aliuliza, “Shemeji, ina maana serikali imetudhulumu?” Haikuwadhulumu, kuponi zote zililipwa kwa wakati. Kilichotokea ni kwamba urefu wa karatasi ulizidi urefu wa lengo, na tofauti hiyo ya miaka ndiyo iliyolipiwa.

Urefu wenyewe ndio unaopima ukubwa wa maumivu. Chukua hatifungani ya miaka mitano yenye kuponi ya 9%, iliyobakiza miaka mitatu, na riba ya soko ipande kwa pointi tatu hadi 12%. Bei yake itashuka hadi takriban 93 kwa kila 100, si 82, na zaidi ya hapo mwenye lengo la miaka mitatu hana haja ya kuiuza, kwa kuwa itakomaa yenyewe na kumrudishia 100 kamili. Hii ndiyo sababu kanuni niliyowapa ina neno moja tu la kupima: tarehe ya kukomaa. Karatasi inayokomaa kabla ya Juni 2029 inaingia kwenye mpango. Inayokomaa baadaye, hata iwe na riba nzuri kiasi gani, haiingii.

Tuiuze basi? Hapa tulitofautiana kidogo. Mume alitaka kusubiri hadi irudi 100, jambo ambalo ni kumbukumbu ya bei aliyolipa na si hoja. Mimi nilitazama mbele. Mwaka 2029 karatasi itakuwa imebakiza miaka 13. Soko likidai 12% wakati huo, itauzwa karibu na 100. Likidai 15%, itauzwa takriban 84. Likidai 17%, takriban 75. Kwa hiyo thamani ya baadaye ni kati ya milioni 3.7 na milioni 5, na katikati yake kuponi zitakuwa zimelipa shilingi 302,500 kila nusu mwaka. Kwa bei ya 82, kuponi hizo peke yake ni kama 14.8% kwa mwaka. Niliona hakuna haja ya kuiuza kwa haraka, mradi wakubali sharti moja: kuponi ziingie kwenye mpango, lakini karatasi yenyewe isihesabiwe ndani ya milioni 28. Kuponi kumi, zikiwekwa zinapofika na kuzaa 9%, zitakuwa takriban milioni 3.7. Zikijumlishwa na zile milioni 27.3, mpango unafika milioni 31, na ile milioni 3 ya ziada ndiyo nafasi ya kukosea.

Mahali fedha zilipowekwa

Kutoka kwenye milioni 4.5 za benki, milioni 1.5 zilibaki pale pale kama fedha za dharura, na hazina uhusiano wowote na nyumba. Milioni 3 zilizobaki na zile 300,000 za kila mwezi zilikwenda kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni inayokusanya fedha za watu wengi na kuziwekeza kwa pamoja. Mfuko huo, ulioanzishwa mwaka 2013, hautozi ada ya kuingia wala ya kutoka, hupokea viwango vidogo, na hulipa ndani ya siku chache za kazi mwekezaji anapouza vipande vyake, yaani sehemu anazomiliki katika mfuko. Agizo la benki liliwekwa likate fedha siku moja baada ya mshahara kuingia, kwa sababu fedha inayosubiri mwisho wa mwezi kwa kawaida haiuoni.

Mfuko huo umekuwa ukitoa faida inayokaribia 12% kwa mwaka katika miaka ya karibuni, na mume aliuliza kwa nini basi tunapanga kwa 9%. Jibu langu lilikuwa kwamba faida kubwa kuliko ya hatifungani fupi au ya amana za benki lazima itoke mahali fulani. Ndani ya mfuko mna mchanganyiko wa amana za benki na hatifungani, na nyingine kati ya hizo ni ndefu. Jina la ukwasi linaeleza jinsi unavyoweza kutoka, halisemi kwamba kilichomo ndani hakiwezi kuguswa na mabadiliko ya riba. Riba za nchi zikishuka, faida ya mfuko itafuata. Niliwataka wasome taarifa za mfuko kila zinapotoka, na waangalie sehemu mbili tu: ni asilimia ngapi iko kwenye amana na hatifungani zinazokaribia kukomaa, na je, faida ya mwaka inashuka. Mengine wawaachie wasimamizi.

Amana ya muda maalumu ya benki tuliiweka pembeni kwa miaka ya kwanza. Kwa fungu dogo, benki haitoi riba ya kuvutia, na ile inayotolewa hukatwa kodi ya zuio ya 10%, hivyo 8% inayotangazwa huwa 7.2% mkononi. Lakini ina jambo moja ambalo mfuko hauna, nalo ni kwamba siku ya kuweka unajua shilingi utakayoipata siku ya kutoa. Sifa hiyo haina thamani kubwa mwaka 2024, ila mwaka 2028 itakuwa na thamani kubwa sana.

Mabadiliko yenyewe yamepangwa kwa tarehe. Kufikia Julai 2027 fungu linatarajiwa kuwa takriban milioni 18. Wakati huo, kiasi cha milioni 9 kitahamia kwenye hatifungani ya serikali ya miaka miwili, au karatasi ya zamani iliyobakiza muda usiozidi huo, ili ikomae kabla ya kuhitajika. Kiwango cha chini cha kushiriki mnada wa Benki Kuu ni shilingi milioni 1, kwa hiyo ukubwa wa fungu si kikwazo. Kikwazo ni kalenda: minada ya miaka miwili haifanyiki kila wiki, na katika soko la upili karatasi fupi hazipatikani kwa urahisi, kwa kuwa wenye nazo huzishikilia hadi zikomae. Anayetaka kununua Julai aanze kuzungumza na wakala wake wa soko Aprili.

Inawezekana kabisa kwamba hatifungani hiyo italipa pungufu ya mfuko. Mume alilipinga jambo hili, na kwa hesabu ya faida peke yake ana haki. Lakini pointi mbili za riba kwa milioni 9 kwa miaka miwili ni kama shilingi 360,000, na kwa bei hiyo wananunua uhakika wa theluthi ya lengo lao. Mimi ningeilipa.

Katika mwaka wa mwisho, sehemu kubwa ya kilichobaki kwenye mfuko itahamia kwenye amana za miezi 12 au sita zinazokomaa Mei 2029. Fedha hizo zitagawanywa katika benki mbili au tatu, kwa kuwa kinga ya Bodi ya Bima ya Amana ina kikomo cha shilingi milioni 7.5 kwa mteja katika kila benki, kikomo kilichopandishwa mwaka 2023 kutoka milioni 1.5. Vipande vitakavyobaki ni vya kuwalipa wakili na mthamini, malipo ambayo hutangulia na hayana siku maalumu.

Mwaka wa kwanza ulivyokwenda

Tulikutana tena Julai 2025. Kwa mujibu wa mpango, walitakiwa kuwa na takriban shilingi milioni 7.65 pamoja na kuponi mbili. Walikuwa na milioni 7.2. Miezi miwili hawakuweka kitu: mmoja kwa ajili ya ada ya mtoto, mwingine kwa sababu mama mzazi wa mke alilazwa na fedha za dharura zilitumika hadi zikabaki shilingi 600,000. Faida ya mfuko, iliyokuwa juu ya 9%, iliziba sehemu ndogo ya pengo.

Upungufu wa shilingi 450,000 unaweza kuachwa umezwe na ile milioni 3 ya ziada. Niliwashauri wasifanye hivyo, kwa kuwa ziada hiyo imewekwa kwa ajili ya mambo wasiyoweza kuyadhibiti, kama bei ya nyumba kupanda zaidi ya dhana yetu. Kulirudisha pengo ndani ya miezi 48 kunadai takriban shilingi 11,000 zaidi kwa mwezi. Walipandisha agizo la benki hadi 320,000. Fedha za dharura zikapewa miezi mitano ya kujazwa kutoka kwenye posho ya mume kabla ya jambo jingine lolote.

Lilibaki suala la kiwanja. Mume alileta makadirio ya shilingi milioni 2.8 za kujenga uzio, akieleza kwamba jirani ameanza kusogeza mpaka. Hofu yake ni ya kweli, na uzio una sababu, lakini uzio hauleti hati. Tulikubaliana kwamba kama kuna shilingi ya kupeleka Kibaha, iende kwanza kwenye upimaji, kwa kuwa kiwanja kilichopimwa na kupata hati ndicho pekee kinachoweza kuuzwa kwa bei ya haki au kuwekewa rehani, na kwamba shilingi hiyo isitoke kwenye vipande. Mke alicheka na kusema posho ya Desemba imeshapata mwenyewe. Wamekwenda kumtafuta mpimaji.